Dondoo muhimu: Kumjua mwajiri halisi nyuma ya wakala wa ajira

Tangazo linapotaja wakala pekee, yaani kampuni inayotafutia wengine wafanyakazi, na kumwita mwajiri "mteja wetu, mgodi wa kinywe, Ruangwa", mwombaji afanye haya kabla na baada ya kusaini:

1. Atafute eneo la mgodi katika ramani ya leseni iliyo kwenye tovuti ya Tume ya Madini, kwa kuwa humo huonekana jina la mwenye leseni.

2. Asidhani kuwa mwenye leseni ndiye mwajiri, kosa linalowapata wengi, kwani uchimbaji mara nyingi hufanywa na mkandarasi. Aulize kwenye geti la mgodi ni nani anayepanga zamu na kusimamia kazi.

3. Asome katika mkataba nani ametajwa kuwa mwajiri, nani analipa mshahara na nani anaweza kumwachisha kazi, na majina yakitofautiana adai maelezo kwa maandishi.

4. Baada ya mshahara wa kwanza, aangalie taarifa yake ya NSSF, ambako jina la anayewasilisha michango huonekana. Michango isipoonekana, apeleke mkataba na hati ya mshahara ofisi ya NSSF bila kuchelewa.