Nukuu ya bei ya chakula cha mkutano: kagua tafsiri kabla ya kutia saini

Hoteli na kampuni nyingi za chakula hutoa nukuu ya bei, au kotesheni, kwa Kiingereza. Kamati ya mkutano huomba itafsiriwe ili mwenyekiti, mhasibu na wapishi waielewe kwa namna moja. Tafsiri inaweza kusomeka vizuri na bado ikaacha wageni bila chakula au ikaleta deni. Tuchukue mfano wa mkutano wa siku moja wa chama cha ushirika, Morogoro, wenye watu 120. Bei zilizotumika ni za mfano.

Aina za mlo

Usikubali mstari unaosema tu "chakula cha mboga: watu 9". Nyumbani kwetu mboga ni chochote kinacholiwa na ugali, hata dagaa. Andika anachoacha mtu: "Hawali nyama, kuku, samaki wala dagaa; maziwa na mayai wanakula." Hapo mpishi ataelewa kuwa hata wali uliopikwa kwa supu ya nyama haufai. Wasiokula chochote kitokanacho na mnyama waandikwe mstari wao, kwa sababu samli na maziwa pia ni mwiko kwao.

Asiyekula ngano anaweza kula wali, ndizi au ugali wa mahindi, lakini hawezi kula chapati, maandazi wala mchuzi uliozidishwa uzito kwa unga wa ngano. Mwenye mzio wa karanga anahitaji sufuria na upawa wake, maana upawa uliotoka kwenye mchicha wa karanga ukiingia kwenye maharage, maharage hayo hayamfai tena.

Halali usiipangie idadi ya sahani. Iandike kama sharti la jiko zima: nyama iliyochinjwa kihalali, bila nguruwe wala pombe katika upishi.

Kwa mkutano wetu orodha inakuwa hivi: mlo wa kawaida 105, wasiokula nyama na samaki 9, wasiokula chochote cha mnyama 3, wasiokula ngano 2, mzio wa karanga 1. Jumla ni 120. Hakikisha madereva na sekretarieti wamo ndani ya hesabu hiyo, kwani ndio husahaulika.

Saa za huduma

Nukuu ya Kiingereza ikiandika 10:30 kwa chai ya asubuhi, kwa Kiswahili ni saa 4:30 asubuhi. Mtafsiri akiacha "saa 10:30", jiko litaandaa chai ya jioni. Chakula cha mchana cha 1:00 ni saa 7:00 mchana. Kila saa iandikwe pamoja na neno lake: asubuhi, mchana au jioni.

Kisha tenganisha saa ya meza kuwa tayari na saa ya watu kuanza kula. Kama kila mtu anatumia nusu dakika kwenye bafe, foleni moja ya watu 120 inamaliza saa nzima, na mapumziko yamekwisha. Foleni nne, yaani meza mbili zinazohudumia pande zote mbili, hupunguza muda huo hadi dakika 15. Omba idadi ya foleni iandikwe.

Vikao vikichelewa, chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kupashwa wala kupozwa ipasavyo.

Bei kwa kichwa

Tuseme bei ni shilingi 45,000 kwa kichwa, kabla ya kodi. Watu 120 ni shilingi 5,400,000. Kwa mtoa huduma aliyesajiliwa, kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18, yaani shilingi 972,000 zaidi. Jumla ni 6,372,000, na kichwa kimoja kinagharimu 53,100. Maneno "kabla ya kodi" yakidondoka kwenye tafsiri, mhasibu atakosa karibu milioni moja siku ya malipo.

Tafuta pia idadi ya uhakika, yaani idadi ya chini mtakayolipia hata watu wasipofika. Mkiahidi 120 wakaja 104, mnalipia wote 120. Mkiahidi 105, mnalipa 5,575,500, na tofauti ni shilingi 796,500. Lakini ulizeni kwanza jiko liko tayari kuongeza sahani ngapi, na kwa bei gani, ikiwa wote 120 watafika.

Yaandikeni na haya: chai, chakula cha mchana na maji vimo ndani ya bei? Idadi ya mwisho ithibitishwe lini? Malipo ya awali ni kiasi gani?

Mwishoni, weka nakala mbili mezani, mpishi na mhasibu wakiwa pamoja, msome mstari kwa mstari, kisha muandike lugha ipi itafuatwa ikitokea tofauti. Sahihi itiwe baada ya hapo.