Namna ya kuandika upya ujumbe wa hasira kwa wazee wa kanisa



Wengi kati yetu wa kalasi za juu tuko viongozi wa vijana kwenye makanisa yetu, na siku hizi maneno na wazee yanapita kwa telefone. Kwa hiyo tumechagua somo hili: ujumbe wa Watsapu ambao prezida wa vijana aliandika kwa wazee akiwa na hasira. Ni mfano tuliotengeneza sisi wenyewe, lakini mambo ya namna hii kila mtu anayajua.

Habari ni hii. Vijana walichanga feza ya kununua klavie ya korali. Tangu mwezi wa 3 mpaka mwezi wa 8 walifikisha dola 185, na keshia wa kanisa aliandika yote katika daftari yake. Siku ya ine mvua kubwa iliingia kanisani. Siku ya posho, magaribi, msaidizi wa keshia akamwambia prezida wa vijana kwamba dola 120 zimetoka kwa kununua mabati. Saa ine ya usiku prezida akaandika katika grupe ya kanisa, mbele ya watu 60 na zaidi:

«Wazee, mutatuona siye vijana wajinga mupaka lini? Mulikula feza yetu ya klavie. Kila siku munafanya vile. Keshia ni mwizi na kila mutu anajua. Kama hamurudishe dola 120 kesho asubui, korali haiimbe, na vijana wote tunatoka hii kanisa. MUTAJIBU MBELE YA MUNGU!!!»

Mbele ya kutengeneza neno lolote, tuchukue kalamu na kuuliza kila sentensi: hii anaijua, ao anaiwaza? Anajua kwamba dola 185 zilichangwa. Ameambiwa na mtu mmoja kwamba dola 120 zilitoka na zilinunua mabati. Basi, ni hayo tu. «Mulikula» hajui, tena habari aliyopata inaonyesha kinyume, maana mabati haiko chakula. «Kila siku» ni mara moja. «Kila mutu anajua» ni yeye na yule msaidizi. «Vijana wote tunatoka»: aliwauliza saa ngapi, wakati ilikuwa usiku? Na «kesho asubui» ni siku ya Mungu, wakati wazee hawawezi hata kufanya kikao mbele ya ibada. Mzee anayetaka kukwepa swali la feza atashika moja tu ya hayo maneno, aseme «huyu kijana ni mwongo», na dola 120 zinasahaulika. Hasira yake inampatia mzee mlango wa kutokea.

Neno «mwizi» tuliseme peke yake. Katika inchi yetu, artikulo 74 ya kodi penali inaazibu yule anayemshitaki mtu mbele ya watu, kwa nia mbaya, juu ya jambo fulani linaloharibu heshima yake. Grupe ya watu 60 haiko chumba cha siri. Mtu mmoja anapiga picha ya maneno, anaituma ngambo, na kesho keshia anaweza kwenda nayo tribinalini.

Wengi wakiambiwa «andika kwa heshima» wanafanya hivi:

«Bwana asifiwe wazee wetu wapendwa. Mutusamehe sana kwa kuwasumbua. Siye ni watoto wenu. Kama inawezekana, mutufikirie kidogo juu ya mambo ya vijana. Mungu awabariki.»

Hii nayo ni mbaya, na sisi tunaona ni mbaya karibu sawa na ile ya kwanza. Feza iko wapi ndani yake? Mzee atajibu «Tumesikia, mubarikiwe», naye hatakosa, maana hakuna kitu alichoulizwa. Kuna njia nyepesi ya kupima: mupatie mtu ambaye hajui habari asome, kisha mumuulize, «Wanataka nini, na kwa siku gani?» Kama hawezi kujibu, mumeondoa hasira pamoja na shauri lenyewe.

Sasa hii ndiyo tuliyoandika kisha kuijaribu mara tatu:

«Bwana asifiwe, wazee wetu. Ni mimi prezida wa vijana. Ninaandika juu ya feza ya klavie. Tangu mwezi wa 3 mpaka mwezi wa 8 vijana walichanga dola 185, na keshia aliziandika katika daftari. Leo nimeambiwa kwamba dola 120 zilitoka kwa kununua mabati. Kama si vile, munisahihishe. Tunajua kanisa lilikuwa linavuja. Lakini hatukuulizwa mbele, na jambo hilo limetuumiza. Tunaomba mutuelezee nani aliamua na siku gani, na mutupangie namna ile dola 120 itarudi, hata kidogo kidogo. Tunaweza kuja watu watatu kwenye kikao chenu cha juma hili, ao siku ingine mutakayotuambia. Mtoto wenu.»

Mutazame kwamba dola 120 iko pale pale. Maumivu nayo yako, lakini yamesemwa kama maumivu ya vijana, si kama zambi ya wazee: «limetuumiza» hakuna anayeweza kulikana, lakini «mulikula» litakanwa mara moja. «Kama si vile, munisahihishe» linamkinga mwandishi, maana habari aliipata kwa mtu mmoja. Na neno juu ya kuvuja halikuwekwa kwa kubembeleza. Bila hilo mzee angejibu kwanza juu ya mvua, na swali la nani aliamua lingebaki bila jibu.

Halafu, ujumbe uende wapi? Si katika grupe. Njia iliyoandikwa katika Matayo 18, mstari wa 15 mpaka wa 17, inaanza na mtu mmoja kwa mmoja, kisha wawili ao watatu, na kanisa lote mwisho kabisa. Hapa tungeutuma kwa sekretere wa wazee ao kwa mchungaji, yeye peke yake, na asubui, si saa ine ya usiku. Kama kikao kinapita bila jibu, ndipo barua ya karatasi yenye sahihi za vijana watatu, na kopi moja ibaki kwao. Ujumbe wa telefone unazama chini ya salamu na nyimbo za wengine, lakini barua inasomwa kikaoni.

Inabaki shauri la prezida wetu, ambaye ule wa kwanza ulikwisha kwenda. Watsapu inaruhusu kugeuza maneno kwa dakika 15 tu, na kufuta kwa wote kwa muda wa siku mbili hivi. Afute, ndiyo, ili neno «mwizi» lisisomwe na wengine. Lakini alama inabaki kwamba ujumbe umefutwa, na waliosoma wamesoma. Akinyamaza, watasema ameogopa ao ametumwa. Kwa hiyo, katika grupe ile ile, sentensi tatu tu: «Ujumbe wangu wa jana usiku niliuandika kwa hasira. Neno nililosema juu ya keshia ninaliondoa, na ninamuomba musamaha. Swali la feza ya klavie nimelipeleka kwa sekretere wa wazee.»