Mapatano ya Bei Wakati wa Neema: Somo Kutoka kwa Mkonge wa Tanga

Mwaka 1967, wajumbe wa nchi zilizouza katani walikutana Roma chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Tanzania na Brazili zilikuwa miongoni mwao. Bei ilikuwa imeporomoka tangu mwaka 1964, mwaka ambao Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000, kiasi ambacho haijapata kukifikia tena. Katika mkutano huo walipatana, pasipo mkataba rasmi, kuhusu bei ya kulengwa na kiasi ambacho kila nchi ingeuza nje. Kwa mashamba ya Korogwe, Muheza na Pangani, ambayo mengi yalitaifishwa mwaka huo huo, jambo hilo liligusa mishahara ya wakata mkonge moja kwa moja.

Mapatano ya namna hii, ambayo wanauchumi huyaita kateli, yana udhaifu wa asili. Kila mwanachama hunufaika iwapo wenzake watashika bei naye akapunguza kidogo na kuwavuta wateja wao. Hakuna mahakama ya kumshtaki. Kinachomzuia ni hofu tu kwamba wenzake watagundua, nao watashusha bei, na faida ya miaka ijayo itatoweka.

Watu wengi hudhani kwamba hofu hiyo hushindwa wakati biashara ni mbaya, muuzaji anapokuwa na njaa. Mwaka 1986 wanauchumi wawili, Julio Rotemberg na Garth Saloner, walitoa hoja iliyo kinyume: kishawishi cha kuvunja mapatano huwa kikubwa zaidi wakati mahitaji yamepanda kwa muda.

Hebu tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Wauzaji wanne wamepatana bei, na faida ya soko zima kwa msimu wa kawaida ni shilingi milioni 40. Kila mmoja hupata milioni 10. Mmoja akipunguza bei kidogo kwa siri, huchukua karibu soko lote kwa msimu mmoja, yaani milioni 40 badala ya 10. Ziada yake ni milioni 30. Baada ya hapo vita vya bei huanza, na tuseme hakuna apataye faida tena.

Hasara yake ni ipi? Ni milioni 10 za kila msimu ujao. Lakini shilingi ya kesho haina uzito wa shilingi ya leo. Tuseme faida ya msimu ujao huhesabiwa kuwa na thamani ya asilimia 80 ya faida ya sasa, ya msimu unaofuata asilimia 80 ya hiyo, na kuendelea. Jumla ya misimu yote ijayo ni mara nne ya faida ya msimu mmoja, yaani milioni 40. Ziada ya 30 ni ndogo kuliko hasara ya 40. Muuzaji hutulia, na mapatano hudumu.

Sasa mahitaji yanaongezeka maradufu kwa msimu mmoja tu. Faida ya soko ni milioni 80, na fungu la kila mmoja ni 20. Anayevunja hupata karibu 80, kwa hiyo ziada yake ni 60. Lakini hasara yake haikubadilika, kwa sababu misimu ijayo itakuwa ya kawaida: ni milioni 40 zile zile. Sasa 60 inazidi 40, na mapatano hayawezi kusimama kwa bei hiyo.

Mwanafunzi aangalie vizuri neno «kwa muda». Kama neema hiyo ingekuwa ya kudumu, hasara ya baadaye nayo ingeongezeka maradufu, ikawa milioni 80, na mapatano yangeshikilia. Ukubwa wa soko peke yake hauvunji kitu. Kinachovunja ni tofauti kati ya leo iliyonona na kesho ya kawaida.

Wala si lazima kateli isambaratike. Wanachama wenye busara hushusha bei wenyewe wakati wa neema, ili pasiwe na kitu kikubwa cha kuiba. Katika mfano wetu, wakiweka bei inayoleta faida ya soko isiyozidi milioni 53 hivi, ziada ya mvunjaji haitapita 40, na kila mmoja ataona afadhali kushika ahadi. Basi mnunuzi huweza kuona jambo la ajabu: mahitaji yamepanda, lakini ile sehemu ya bei inayozidi gharama imepungua.

Je, katani ilikwenda hivyo? Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafla. Nyuzi za plastiki, ambazo hutokana na petroli na zilikuwa zimeanza kuchukua soko la kamba za kufungia majani makavu huko Ulaya na Amerika, ziligharimu zaidi. Wanunuzi wakairudia katani, na mwaka 1974 bei yake ilikuwa juu sana. Hapakuwa na dalili kwamba wauzaji walikuwa wakipigania wateja kwa kupunguza bei.

Sababu iko shambani. Hesabu yetu ilidai kwamba mvunjaji aweza kulihudumia soko lote. Mkonge hukaa kiasi cha miaka mitatu tangu kupandwa hadi kukatwa kwa mara ya kwanza. Msimamizi wa shamba aliyesikia habari za bei nzuri aliweza kuzidisha saa za korona, kumaliza akiba ya ghalani, au kukata majani mengi kuliko mmea unavyostahimili, jambo linalopunguza mavuno ya baadaye. Zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya. Tuseme angeweza kuongeza mauzo kwa nusu tu: faida yake ingepanda kutoka milioni 20 hadi takriban 30. Ziada ya 10 haifui dafu mbele ya hasara ya 40. Kwa zao la aina hii, hatari kubwa ni wakati maghala yamejaa na wanunuzi ni wachache, kama ilivyokuwa katika miaka iliyotangulia mkutano wa Roma.

Hoja ya Rotemberg na Saloner inafaa zaidi mahali ambapo mitambo yenye uwezo wa ziada imesimama ikingoja kazi. Wao wenyewe walitazama saruji ya Marekani, wakaona kwamba bei yake ikilinganishwa na bei za bidhaa nyingine ilielekea kushuka uchumi ulipokua. Tanga nayo ina saruji, tangu kiwanda cha Pongwe kilipoanza mwaka 1980, na yeyote aliyeona tanuri lake anaelewa tofauti: tanuri lisilofanya kazi kikamilifu laweza kuongezewa mawe ya chokaa ndani ya siku chache, lakini mkonge hauhimizwi.

Wako pia wanaopinga. Edward Green na Robert Porter, mwaka 1984, walieleza kwamba vita vya bei huzuka mahitaji yanaposhuka, kwa kuwa muuzaji aliyepoteza wateja hajui kama soko limedorora au mwenzake amemsaliti. Hoja zote mbili zaweza kuwa kweli, kila moja mahali pake. Anayetaka kujua ipi inahusika aulize kwanza kama wauzaji wote wanaiona hali ya soko kwa uwazi. Wakiiona, kishawishi cha neema ndicho cha kuchunguzwa. Wasipoiona, shaka ya wakati wa dhiki. Kisha apime bei baada ya kuondoa gharama, kwa maana bei yenyewe huweza kupanda wakati wa neema kwa sababu tu mishahara na usafirishaji vimepanda.