Mteja Amelipa, Oda Haionekani? Soma Logi Hivi

Umefungua duka la viatu mtandaoni hapa Machakos na unapokea malipo kwa M-Pesa kupitia Daraja. Mteja anakupigia: "Nimelipa, meseji nimepata, mbona oda haionyeshi?" Kabla hujamwambia alipe tena, tuangalie logi, yaani faili ambapo seva yako huandika kila jibu la malipo linaloingia. Tuseme yako inaitwa `malipo.log`.

Mwombe mteja kodi ya muamala iliyo kwenye meseji yake. Tuseme ni TGA4K7XW2P. Ingia kwenye seva, fungua faili:

```
less malipo.log
```

Bonyeza `G` ufike mwisho, kwenye mistari mipya. Kisha andika `?TGA4K7XW2P` na ubonyeze Enter. Alama ya `?` hutafuta kurudi juu, na `/` hutafuta kwenda chini. `n` hurudia utafutaji, `q` hukutoa.

Ukiupata mstari wenye kodi hiyo na `ResultCode` 0, malipo yalifika kwako. Shida iko kwenye duka lako, halikuandika oda. Ukiona `Pattern not found`, jibu halikuandikwa kwenye faili hii. Hakikisha kwanza kodi umeiandika sawasawa, kwa herufi kubwa, halafu linganisha na taarifa ya akaunti yako ya biashara. Pesa ikiwa imeingia huko, basi mteja anasema kweli. Mpe viatu vyake kwanza, halafu utafute kwa nini jibu halikufika.

Kwa hiyo sasa tujaribu tukiwa tunaangalia. Andika:

```
tail -F malipo.log
```

Utaona mistari 10 ya mwisho, kisha kila mstari mpya ukiingia papo hapo. Nunua kitu cha shilingi 1 kwa simu yako mwenyewe. Ukiweka nambari ya siri, `ResultCode` 0 inapaswa kutokea. Rudia, safari hii ukatae ombi: utaona 1032, maana yake mwenye simu ameghairi. Kama pesa imetoka na skrini imenyamaza tu, majibu hayafiki kwenye seva. Kagua anwani ya kupokelea majibu uliyoweka. Ukimaliza, Ctrl+C.

Mbona `-F` kubwa na si `-f`? Seva nyingi hubadilisha jina la faili ya zamani na kuanza mpya, mara nyingi usiku. `-f` hubaki imeshikilia ile ya zamani, nawe utadhani hakuna anayenunua. `-F` hufuata jina, hivyo huhamia faili mpya.

Jambo la mwisho: logi ina namba za simu za wateja. Ukiomba msaada kwenye grupu la WhatsApp, zifute kwanza.