Watu wawili wamepotelea wapi?

*Daktari, mhariri amenirudishia makala. Mchoro unaonyesha kundi la dawa lilikuwa na watu 120, 9 wakapotea wakati wa ufuatiliaji. Lakini jedwali la matokeo linataja 109. Nimekosea wapi?*
*Mtafiti, Morogoro*

Usihofu, ndugu yangu, huenda data ni nzima. 120 ukitoa 9 ni 111, kwa hiyo watu 2 wametoweka bila maelezo. Mara nyingi ni wale waliopangiwa dawa wasiimeze, ukawaondoa kimyakimya wakati wa uchambuzi. Watafute kwa namba zao kwenye orodha ya upangaji. Kama matokeo yao yapo, warudishe kwenye kundi walilopangiwa, uchambue 111. Kisha andika aya yako ya washiriki ukiwa na mchoro wa CONSORT mezani, kisanduku kwa kisanduku, ukitaja sababu ya kila pengo. Wasipoonekana kabisa, mwone mtakwimu kabla ya kugusa mchoro.