Kadi Ikifungwa Ugenini: Haki na Wajibu wa Mwenye Kadi

Benki iliyotoa kadi ndiyo inayoamua kama malipo yapite au yakataliwe. Duka la Dubai au hospitali ya Chennai haina kauli katika jambo hilo. Hata Visa na Mastercard, ambazo majina yao yamechapwa kwenye kadi, hazikai na fedha za mteja; kazi yao ni kupeleka swali kutoka kwenye mashine ya malipo hadi kwenye benki iliyoko nyumbani na kurudisha jibu. Safari hiyo yote huchukua sekunde chache, na katika sekunde hizo hakuna mtumishi wa benki anayeusoma muamala. Mtambo ndio unaoulinganisha na mazoea ya mwenye kadi: nchi anazonunulia, viwango anavyolipa, saa anazotumia kadi. Muamala ukionekana mgeni kupita kiasi, unakataliwa, na mara nyingi kadi inafungwa kwa muda mpaka mwenyewe ajitambulishe.

Uwezo wa benki kufanya hivyo unatokana na mkataba. Masharti ya kadi, yale ambayo wateja wengi husaini bila kuyasoma, kwa kawaida huiruhusu benki kusimamisha kadi inapohisi wizi, bila kungoja ruhusa ya mteja. Sharti hilo lina maana, kwa sababu mwizi aliyepata kadi hahitaji zaidi ya dakika kumi kumaliza salio. Kwa hiyo anayerudi nyumbani na kudai kwamba benki haikuwa na haki hata kidogo ya kuifunga kadi yake huanza na hoja dhaifu. Hoja zenye nguvu ni nyingine, nazo zinaonekana vizuri kwenye mfano.

Mama mmoja wa Dar es Salaam anampeleka mumewe kutibiwa moyo Chennai, India, kwa ndege inayopitia Doha. Akaunti yake ina shilingi milioni 20. Uwanja wa ndege wa Doha ananunua maji na biskuti kwa kadi. Kesho yake asubuhi, kwenye dirisha la malipo la hospitali, anatakiwa kuweka amana ya rupia 300,000, kama shilingi milioni 9 hivi. Kadi inakataliwa. Karani anajaribu tena, kisha mara ya tatu, na majibu ni yale yale.

Mbele ya mtambo wa benki, safari hiyo inafanana kabisa na kazi ya mwizi. Wezi wa kadi hupenda kuonja kwanza: hununua kitu kidogo kuona kama kadi iko hai, kisha huvuta fedha nyingi mahali pengine. Maji ya Doha yakifuatiwa na mamilioni ya Chennai, kwenye kadi ambayo haijawahi kutumika nje ya Tanzania, ni mchoro huo huo. Kujaribu mara tatu mfululizo kumeongeza shaka, maana mwizi naye hufanya hivyo.

Benki haikukaa kimya. Ilituma ujumbe kuuliza kama malipo yale ni yake, lakini ujumbe ulikwenda kwenye namba ya simu aliyoiandikisha siku alipofungua akaunti, laini ambayo alishaiacha. Hapa ndipo wajibu wa mteja unapoingia. Namba iliyoachwa inaweza kugawiwa mtu mwingine na kampuni ya simu, na tangu hapo taarifa za akaunti zinamfikia asiyemjua.

Jambo la kwanza la kufanya dirishani ni kujua kadi imekataliwa kwa sababu gani, kwa kuwa si kila kukataliwa ni tahadhari ya wizi. Karani hupata jibu lenye tarakimu mbili, ambalo mara nyingi huchapwa kwenye risiti. Namba 51 maana yake salio halitoshi. Namba 61 ni kuvuka kiwango kinachoruhusiwa. Namba 59 inaashiria shaka ya wizi, na 62 kadi iliyowekewa kizuizi. Ile inayosumbua zaidi ni 05, ambayo huambatana na maneno DO NOT HONOUR. Hiyo husema tu kwamba benki imekataa, bila kueleza, na benki nyingi huitumia hata pale ambapo sababu halisi ni shaka ya wizi. Risiti hiyo itunzwe, hata kama inaonekana haina faida. Ndiyo ushahidi wa tarehe, saa na kiasi.

Mama yule alipata 05. Hatua sahihi baada ya hapo ni kuacha kujaribu na kupiga simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Namba za bure zinazoanza na 0800 kwa kawaida hazipatikani kutoka nje ya nchi. Inatakiwa namba kamili inayoanza na +255, na ni busara kuwa nayo kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake. Saa nayo ina maana. Chennai iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo saa 3 asubuhi hospitalini ni saa 12 na nusu nyumbani, na matawi bado yamefungwa. Kinachotakiwa ni kitengo cha huduma kwa wateja au cha kadi kinachofanya kazi usiku na mchana, si meneja wa tawi, hata kama ni ndugu.

Mtumishi wa benki atauliza jina kamili, tarakimu nne za mwisho za kadi, tarehe ya kuzaliwa na miamala ya karibuni. Hana sababu yoyote ya kuuliza namba ya siri, tarakimu tatu za nyuma ya kadi au namba ya kuthibitisha inayokuja kwa ujumbe. Anayeyataka hayo ni tapeli, na matapeli hupenda sana kisingizio cha kadi kufungwa. Ndiyo maana simu inayoingia ikisema kadi imefungwa inafaa kukatwa kwa adabu, kisha mteja apige mwenyewe namba ya nyuma ya kadi.

Kuna swali moja la benki linalohitaji utulivu kulijibu: je, malipo haya ni yako? Jina linalotajwa huenda si lile lililo juu ya mlango wa duka, bali la kampuni inayolimiliki. Mteja akisema hapana kwa haraka, benki itachukulia kwamba kadi imeibiwa na kuifuta kabisa. Kadi iliyofungwa kwa muda hufunguliwa kwa simu; iliyofutwa haifufuki, na mpya hutengenezwa nyumbani. Ni bora kulinganisha kiasi na tarehe kabla ya kujibu.

Kwa kuwa namba yake ya simu haikulingana na kumbukumbu za benki, mama yule alihojiwa kwa kirefu, akatakiwa pia kutuma barua pepe kutoka kwenye anwani aliyoiandikisha. Kadi ikafunguliwa. Karani akajaribu tena, ikakataliwa, safari hii kwa 61. Kumbe kiwango cha kadi yake kwa siku kilikuwa shilingi milioni 5. Kufungua kadi na kupandisha kiwango ni maombi mawili tofauti, na benki haifanyi la pili kwa sababu tu imefanya la kwanza. Aliomba kiwango kiongezwe kwa siku hiyo, malipo yakapita.

Taarifa ya safari ingemwepusha na karibu yote hayo. Hutolewa siku chache kabla ya kuondoka, kwa tawi, kwa simu au kupitia programu ya benki, na inapaswa kutaja kila nchi, hata ile ya kubadilishia ndege, tarehe ya kwenda na kurudi, kadi zinazochukuliwa, namba ya simu itakayopatikana huko, na malipo makubwa yanayotarajiwa. Baadhi ya benki huziweka kadi zisifanye kazi nje ya nchi mpaka mteja aombe. Hilo nalo liulizwe. Mteja aombe namba ya kumbukumbu au uthibitisho wa maandishi, kwani maneno ya kaunta hayana ushahidi. Laini ya nyumbani iwezeshwe kupokea ujumbe ugenini, la sivyo namba za kuthibitisha hazitafika.

Taarifa hiyo ina mipaka. Haiongezi kiwango cha siku, wala haifungui kadi iliyojifunga kwa kukosea namba ya siri mara kadhaa. Pia haiuzimi mtambo: unaweza bado kukataa muamala unaotia shaka. Kwa sababu hiyo, msafiri wa matibabu asitegemee kadi moja. Kadi ya pili ya benki nyingine, au amana iliyotumwa hospitali kwa uhamisho wa benki kabla ya safari, ni kinga bora kuliko barua yoyote ya malalamiko.

Lakini taarifa ikiwa ilitolewa na kadi ikafungwa hata hivyo, au benki ikachukua siku nzima bila kujibu simu, mteja ana pa kusimamia. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa watumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki imtendee mteja kwa haki, imweleze masharti kwa uwazi na iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Malalamiko huanzia kwenye benki yenyewe, kwa maandishi, yakiambatana na risiti, saa za simu zilizopigwa na namba ya kumbukumbu. Asiporidhika na jibu, au asipojibiwa, mteja huyapeleka Benki Kuu. Anayeruka hatua ya kwanza hurudishwa.

Njia ya pili haijulikani sana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa maamuzi yanayofanywa na mtambo peke yake na kumwathiri mtu kwa uzito. Mhusika anastahili kujulishwa kwamba uamuzi ulifanywa kwa njia hiyo, na anaweza kutaka ufikiriwe upya. Ipo misamaha, hasa pale uamuzi unapohusu mkataba kati ya pande mbili, na benki inaweza kuitegemea. Hata hivyo ombi la maandishi linaloitaja sheria hiyo ni vigumu kulijibu kwa sentensi ya "mfumo ulikataa". Mlalamikiwa asipotoa maelezo, shauri hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina kinga inayofanana kwenye kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mlinzi wake ni Kamishna wa Data.

Madai ya fidia ni magumu zaidi. Mteja atatakiwa kuonyesha hasara yenyewe, kwa mfano gharama ya kitanda au tiketi iliyosogezwa, na kwamba ilisababishwa na uzembe wa benki na si na tahadhari iliyo ndani ya mkataba. Mama wa Chennai, ambaye hakutoa taarifa ya safari na alikuwa na namba ya simu iliyopitwa na wakati, asingeshinda dai hilo. Angekuwa na barua ya uthibitisho mkononi, lingekuwa shauri jingine.