Usiuze "mwezi", uza raundi

Leo nataka kuongea na wale mnaopeleka bidhaa majumbani kila wiki kwa mteja kulipia kabla. Mimi napeleka mayai kila Jumamosi, Tabata na Segerea.

Nilianza na wateja 20, kila mmoja trei 1 kwa wiki. Trei nanunua 8,000, nauza 10,000 mpaka mlangoni. Tangazo langu lilisema "lipia mwezi 40,000 tu". Basi mwanzo wa mwezi nikapokea 800,000. Mahesabu yangu: trei 80 ni 640,000, bajaji 15,000 kila Jumamosi ni 60,000, inabaki faida 100,000. Safi kabisa.

Kumbe mwezi ule ulikuwa na Jumamosi 5. Wiki ya tano nimekaa zangu, simu inaita: "Mwanangu, mayai yangu vipi? Si nimelipia mwezi mzima?" Na kweli alilipia mwezi, mimi ndiye niliyeandika. Nikanunua trei 20 kwa 160,000, na bajaji 15,000. Faida yote imekwenda na nimeongeza 75,000 ya mfukoni. Na hii sio bahati mbaya ya mara moja, maana Jumamosi 5 zinatokea miezi 4 au 5 kila mwaka. Angalia kalenda yako.

Siku hizi neno mwezi silitumii. Nauza raundi 4, na kila nikipeleka namtumia mteja meseji hivi: "Umelipia raundi 4. Leo ni ya 2, zimebaki 2." Bei inashika kwa hizo 4 tu. Mayai yakipanda katikati naumia mimi, ila raundi 4 zijazo nakuja na bei mpya na hakuna anayeshangaa.

Kitu kingine ni ile 800,000. Ukiiona kwenye simu unajiona tajiri (mimi nilishatoa humo hela ya kodi ya fremu!). Ile ni mayai ya watu ambayo hujayanunua bado. Ninachofanya, naiweka yote kwenye laini ya pili. Ijumaa natoa 175,000 ya trei 20 na bajaji. Jumamosi nikimaliza mzunguko ndio nahamisha 25,000 kuja kwangu. Ukikuta imebaki raundi 1 na laini ina chini ya 175,000, jua umeshaanza kula mayai ya wateja, na utatafuta wateja wapya ili uwalishe wa zamani.

Mteja akisafiri, anaambiwa mapema: toa taarifa kabla ya Alhamisi saa 12 jioni, raundi yako inasogea mbele. Akichelewa trei nimeshanunua, kwa hiyo naiacha kwa jirani au mlinzi atakayemtaja, na raundi inahesabika.